Dakika moja na nusu kwa siku, na swali moja la kujikagua

"Shikamoo dada. Mi ni msimamizi wa stoo kwenye kampuni ya usafirishaji hapa Dar, kila Jumatatu nasimama mbele ya mameneja kama kumi kutoa ripoti ya wiki na huwa natetemeka balaa. Nikaambiwa nijirekodi kila siku kwenye simu, niweke na alamu ya kunikumbusha. Nimefanya siku nne nikaacha, sauti yangu inanikera, na hata nikisikiliza sijui natafuta nini. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na sauti, maana ndo inayokimbiza wengi wakifika siku ya tatu ya nne. Ukiongea unajisikia kwa njia mbili kwa mpigo, kuna sauti inayotoka mdomoni ikapita hewani mpaka masikioni, na kuna nyingine inapita ndani kwa ndani kwenye mifupa ya fuvu, na hii ya mifupa ndo inayokuletea lile besi ulilozoea. Simu inashika ya hewani tu. Hebu ziba masikio yote mawili kwa vidole useme "ripoti ya wiki", utasikia sauti nzito kama uko ndani ya pipa, basi hiyo ndo sehemu ambayo rekodi haina. Kwa hiyo ile nyembamba inayokukera ndo hiyohiyo mameneja wako wanaisikia tangu siku ya kwanza umeajiriwa na hakuna aliyewahi kuishangaa. Mi nilipoanza redioni nilidhani fundi mitambo kanichezea maiki, nikamfuata nikamlalamikia kabisa, akacheka akaniambia subiri wiki mbili. Na kweli, wiki mbili tu, sikio likazoea.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Watu wengi wanarekodi, wanabonyeza stopu, wanasikiliza papo hapo huku moyo bado unadunda. Hapo huwezi kusikia kitu cha maana, unasikia aibu tu. Mi nawaambia wanafunzi wangu rekodi ya leo isikilizwe kesho, dakika chache kabla ya kurekodi ya kesho. Ukishalala usiku mmoja unaanza kumsikia mtu, badala ya kujisikia wewe.

Na kabla hujabonyeza kusikiliza, andika kwanza unachotegemea kukisikia. Hii watu wanaipuuza na ndo yenye kazi. Chukua daftari dogo, andika mfano "sauti ilitetemeka, 8 kwa 10", afu sikiliza kama unamsikiliza jirani usiyemjua, afu andika ulichokisikia kweli. Hii sijaitunga mimi, wanasaikolojia Allison Harvey, David Clark na wenzao walichapisha utafiti mwaka 2000 kwa watu wenye woga wa kujitokeza mbele za wenzao, wakaona wale waliotabiri kwanza wataonekanaje, ndo wakatazama video yao kama wanamtazama mtu baki, walijiona wako vizuri kuliko wale waliorushiwa video tu watazame. Mwaka 2003 nao Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich wakaonyesha kwamba anayehutubia huwa anadhani hofu yake inaonekana nje kuliko inavyoonekana. We 8 yako ukija kuisikiliza utakuta 3, labda 4. Ile tofauti ya 8 na 3 ukiiandika siku kumi mfululizo inakuingia kichwani vizuri kuliko mtu akikwambia "usiogope" mara mia.

Afu swali. Kosa lako naweza kulikisia bila hata kusikia rekodi, ulikuwa unajiuliza "nimeongeaje?" na hilo swali jibu lake huwa moja tu, vibaya. Swali la kujikagua liwe dogo, la kujibika kwa kunyoosha kidole kwenye sehemu ya rekodi, na liwe moja kwa wiki nzima, Jumatatu mpaka Jumamosi hilohilo. Wiki ya kwanza uliza "msikilizaji amejua sekunde ya ngapi naongelea nini?" Basi. Unasikiliza macho yako yakiwa kwenye saa ya rekodi, unaandika 34. Kesho 28. Keshokutwa 31. Sauti, kasi, matamshi, vyote viache vipite, hata vikikuuma. Ukikagua vitano kwa pamoja hurekebishi hata kimoja, utabaki unajichukia tu.

Wiki ya pili swali liwe "ile aaa imetokea wapi?" Nimesema wapi, sijasema mara ngapi. Wale wa Toastmasters, vile vilabu vya kujifunza kuhutubia vilivyoanzia Santa Ana, California mwaka 1924, wao kwenye kikao wana mtu maalumu kazi yake kuhesabu aaa na eee za kila msemaji afu mwisho anasoma hesabu. Inasaidia kumshtua mtu, sikatai, ila ukiwa peke yako na simu yako hesabu tupu haikufundishi kitu, utajua zimetoka kumi na moja, haya, zikitoka tisa ndo nini?

Nikuonyeshe kwa mtu ili tuelewane. Kuna dada mmoja nilimfundisha, mhasibu wa SACCOS huko Morogoro, alikuwa anatakiwa kusoma taarifa ya mikopo kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Rekodi yake ya kwanza niliiandika neno kwa neno, ilianza hivi:

"Aaa, habari za asubuhi wanachama, kwa hiyo aaa, leo nitaongelea, yaani, mambo ya marejesho. Kwa hiyo kimsingi, aaa, mpaka Desemba tulikuwa tumekopesha, nini hii, milioni mia moja themanini na saba laki nne na elfu hamsini, na marejesho, aaa, yaani marejesho yaliyorudi ni kama, aaa, milioni mia moja arobaini na moja."

Ukihesabu vijazo humo, zile aaa na maneno ya kujazia nafasi tu, unapata 11. Yeye alipoona akasema basi dada kuanzia kesho sisemi tena "yaani", akajipiga marufuku, na siku mbili zilizofuata kweli "yaani" ilipungua ila ikaja "eee bwana" na kukohoa kohoa. Kijazo ni kama maji kwenye bati bovu, ukiziba hapa yanatokea pale. Ndo nikamwambia acha marufuku, piga mstari kila kinapotokea uangalie kinakaa wapi. Angalia na wewe hapo juu. Vinne vya kwanza vimekaa kabla hajataja mada, vitatu vinavyofuata vimekaa anapovuka kuingia jambo jipya, na vinne vya mwisho vyote vinamtangulia namba. Katikati ya sentensi anayoijua vizuri hamna hata kimoja. Maana yake ulimi wake hauna shida yoyote, shida ni kwamba mdomo unafika mahali kichwa hakijafika, na ile aaa anaitupia kushikilia nafasi ili kimya kisimuumbue.

Tiba ikawa mbili tu. Ya kwanza, namba aziandike kwenye karatasi jinsi zinavyosemwa, sio jinsi zinavyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Ukiona 187,450,000 kwenye karatasi lazima ubongo usimame utafsiri, na kwa Kiswahili hiyo tafsiri ni ndefu kweli, milioni, laki, elfu, unaweza kukata pumzi njiani. Akaandika "milioni mia na themanini na saba na ushee". Anayetaka mpaka ile elfu hamsini ya mwisho ataikuta kwenye kabrasha alilogawiwa. Ya pili, kabla ya namba na kabla ya kuvuka kwenda jambo jipya afunge mdomo. Namaanisha midomo igusane kabisa, maana midomo ikiwa imegusana aaa haitoki, haina pa kupitia. Ikibaki wazi kidogo tu itatoka yenyewe hata hujui. Kile kimya kwake kilikuwa kama dakika nzima, tukakipima kwenye rekodi kilikuwa sekunde moja na robo.

Wiki ya tatu alikuwa anaanza hivi: "Habari za asubuhi wanachama. Milioni arobaini na sita na ushee hazijarudi. Tulikopesha milioni mia na themanini na saba na ushee, zimerudi mia na arobaini na moja. Yaani katika kila shilingi nne tulizotoa, moja bado iko nje." Mada imefika sekunde ya tatu. Na unaona "yaani" imebaki, tena nilimkataza kuitoa, maana hapo inafanya kazi yake ya kufafanua. Yaani inayofafanua sio kijazo. Hata "kwa hiyo" ni hivyohivyo, ikifuata sababu ni neno halali, ila ile ya kwanza kabisa kwenye rekodi yake, kwa hiyo ya nini sasa wakati hakuna lililotangulia zaidi ya salamu?

Kuna kitu kingine kilijitokeza wiki ya nne ambacho ni cha Kiswahili chetu kabisa, ukisoma vitabu vya wazungu vya kuhutubia hutakikuta. Alikuwa na sentensi "wasiorejesha hawatapata mkopo mpya" na alikuwa anaipitia haraka, ile "ha" ya mbele anaimeza. Kwenye rekodi inasikika wasiorejesha watapata mkopo mpya! Ukanushi wetu mara nyingi unakaa kwenye silabi ya kwanza, na silabi ya kwanza ndo inayotoka mdomoni kabla pumzi haijakaa sawa. Wewe wa magari hii ikuogopeshe zaidi, "magari mawili hayatatoka kesho" ukimeza "ha" umewaambia mameneja yatatoka. Kwa hiyo swali la wiki ya nne liwe "kila penye hapana, silabi ya kwanza imesikika?" Tena hapo mwombe mtu mwingine asikilize mara moja, maana wewe unajua ulichotaka kusema, sikio lako litakujazia.

La wiki ya tatu nimeliruka, swali lake ni "sentensi zangu zimeishia wapi?" Wengi tunaanza na nguvu tukifika mwisho sauti inazama, neno la mwisho linasikika kwa wa mbele tu. Sikiliza neno la mwisho la kila sentensi, kama unalisikia kwa kubahatisha basi pumzi inakuishia njiani, kata sentensi. Mara nyingi dawa yake ni hiyo tu.

Usije ukajipima kasi kwa zile hesabu za maneno kwa dakika unazokuta mtandaoni, zile ni za Kiingereza. Neno letu moja kama "hatukuwafikishia" lina silabi nane na limebeba sentensi nzima, sasa ukitaka kufikisha idadi yao ya maneno utakuwa unakimbia kama kondakta anayetaja vituo. Angalia vimya vyako, vikiwepo kila unapomaliza wazo, kasi itakuwa sawa.

Turudi kwenye alamu, maana umeacha siku ya nne na sidhani kama ni uvivu. Alamu ya saa 2 usiku iliyoandikwa "mazoezi ya kuongea" inakukuta unakula, au uko kwenye daladala, unaizima, na ukiizima mara tatu kidole kinajifunza kuizima bila hata kuisoma. Ifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku na baada yake unakuwa peke yako. Kwa mtu wa stoo nadhani ni pale unapofungua mlango asubuhi kabla vibarua hawajaingia, au jioni ukishafunga kufuli. Chagua kimoja, alamu ilie dakika ile, na jina la alamu liwe ndo mada yenyewe. Jumapili kaa dakika kumi uandike mada sita, badilisha jina la alamu ya kila siku: "Jumanne: kwa nini matairi yamechelewa", "Jumatano: mfundishe kibarua mpya kupokea mzigo", "Alhamisi: mwombe bosi forklifti ya pili". Ikilia unaisoma unaanza kuongea. Ukikuta imeandikwa "fanya mazoezi" utaanza kuwaza niongelee nini, na hapo ndo siku inapopotea. Alamu ya pili ya akiba weka moja tu, labda saa 3 usiku, zaidi ya hapo ni kelele. Siku ikikupita imepita, kesho yake usirekodi mbili za kufidia.

Kurekodi: simama, usikae, maana Jumatatu unasimama. Simu iweke mezani au kwenye boksi, urefu wa mkono kutoka mdomoni, chini yake weka kitambaa isivume ukigusa meza, na uiweke hali ya ndege kwanza maana simu ikipigwa katikati kuna simu zinakata rekodi palepale. Sekunde 90, ukifika 90 malizia sentensi uzime hata kama hujamaliza hoja. Mara moja tu, hakuna kurudia. Ukirudia mara tano hiyo ya tano ni kukariri, na Jumatatu hupewi nafasi ya tano. Usisome popote pia, ruksa kuwa na maneno matatu kwenye karatasi basi. Programu yoyote ya kurekodi iliyokuja na simu inatosha, dakika moja ya sauti kwa kawaida ni kama MB moja, kwa mwezi hujajaza kitu. Wengine wanajitumia voisi noti wenyewe WhatsApp, ni nzuri kwa sababu inakaa na tarehe na saa, ila angalia unakotuma, kuna kijana wangu mmoja alimwomba bosi forklifti ndani ya grupu la ofisi. Na usisikilize kwa spidi ya 1.5x, inakuficha vimya vyako ambavyo ndo unavitafuta.

Futa rekodi za katikati, bakiza ya siku ya kwanza na ya kila Jumamosi. Wiki ya nne sikiliza ya kwanza na ya mwisho mfululizo, hapo ndo utaona. Ukifuta ile ya kwanza kwa aibu utajuta.

Ila nisikudanganye kwenye kutetemeka. Simu haina macho. Unaweza kuwa fundi wa sekunde 90 stoo peke yako na Jumatatu magoti yakagongana vilevile, maana mwili haujazoea kutazamwa. Kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu, Jumamosi usirekodi peke yako, simama mbele ya mtu mmoja, mke, mdogo wako, mlinzi wa getini, simu ikiwa inarekodi vilevile. Wiki ya nne wawe watatu. Ukiona rekodi za peke yako zimekaa vizuri halafu za mbele ya watu bado mada inafika sekunde ya 30, basi ongeza watu, usiongeze rekodi. Jumatatu yenyewe usiwarekodi mameneja kimyakimya mfukoni, omba ruhusa, na wakikataa andika tu jibu la swali la wiki ukitoka kwenye chumba, kabla hujashika kazi nyingine.

Na kama una kigugumizi, maana hukusema, usihesabu kurudia silabi kama vijazo na usijilazimishe kufunga mdomo pale neno linapokwama, itakubana zaidi. Hiyo ina wataalamu wake wa tiba ya usemi, ulizia hospitali kubwa. Maswali mengine, la mada, la mwisho wa sentensi na la hapana, yanakufaa vilevile.

Kwako ningeanza hivi. Usisubiri mwezi mpya, leo usiku andika mada sita, kesho ukifungua stoo rekodi ya kwanza, na swali ni lile la sekunde ya ngapi. Jumatatu hii usibadilishe kitu kingine chochote kwenye ripoti yako zaidi ya sentensi ya kwanza baada ya salamu, iwe ndo lile jambo mameneja wanataka kulijua zaidi wiki hiyo, magari mangapi hayatatoka na kwa nini. Ukishaisema, funga mdomo, hesabu moja kimoyomoyo, ndo uendelee.